Maswali yanayoulizwa sana: nimeshamkata mtu kwenye picha, sasa nimweke wapi kwenye bekigraundi mpya?

Haya maswali nayapata karibu kila wiki kutoka kwa watu wanaotengeneza posta za biashara, kadi za sendofu, matangazo ya kwaya na vitu kama hivyo. Kumkata mtu siku hizi siyo kazi, apu inakutolea bekigraundi kabla hujamaliza kupiga chafya, kazi inaanza pale unapomshusha kwenye bekigraundi mpya, nywele safi, kingo safi, lakini bado anaonekana kama stika iliyobandikwa kwenye daladala. Mara nyingi tatizo siyo ukataji, ni mahali ulipomweka.

Nitajibu kwa kufuata posta moja mwanzo mwisho ili tusipotezane. Ni ya dada mmoja anayeuza madera, alitaka tangazo la Idi, saizi 1080 kwa 1350. Kwenye picha amesimama mzima mzima, anaangalia kulia kwake yeye msomaji, yaani upande wa kulia wa fremu. Bekigraundi ni picha niliyopiga kwa simu asubuhi Barabara ya Barack Obama jijini Dar es Salaam, ile ambayo wengi bado tunaiita Ocean Road, nikiwa nimeelekea kaskazini, bahari iko kulia na njia ya waenda kwa miguu inakimbilia mbele.

Nianze na mistari ya theluthi, ile inayogawa picha mara tatu kwa upana na kwa urefu, si ndiyo?

Hapana, subiri kwanza. Anza na upeo wa macho, ule mstari bahari inapokutana na mbingu. Watu wengi wanawasha gridi, wanambandika mtu kwenye theluthi kama walivyofundishwa, alafu wanashangaa mbona haikai. Haikai kwa sababu upeo ndiyo unaosema kamera ilikuwa juu kiasi gani kutoka ardhini, na picha mbili zilizopigwa kwa urefu tofauti zikiunganishwa bila kujali hilo, jicho la mtu yeyote linagundua hata kama hajui kusema ni nini.

Kanuni yenyewe ni rahisi. Kama ardhi ni tambarare, upeo unapita kwenye kila kitu kwa urefu uleule wa kamera. Mpiga picha akiwa ameshika kamera usawa wa macho yake, basi upeo unapita kwenye macho ya kila mtu mwenye urefu kama wake, awe karibu au awe mbali kule mwisho. Nenda kaangalie picha yoyote ya watu ufukweni iliyopigwa na mtu aliyesimama, utaona vichwa vyote viko kwenye usawa mmoja na bahari, miguu tu ndiyo inapanda na kushuka. Akipiga amechuchumaa, upeo unapita kiunoni au magotini kwa wote.

Kwa hiyo swali la kwanza siyo "theluthi iko wapi", swali la kwanza ni upeo ulikuwa unapita wapi kwenye mwili wa huyu mtu kabla sijamkata, maana kwenye bekigraundi mpya inabidi upite palepale.

Nitajuaje kamera ilikuwa usawa gani, na mimi nimetumiwa PNG tu?

Kwanza kabisa omba picha ya awali, ile haijakatwa. Usiifute hata ukishamaliza kukata. Humo ndani kuna sakafu ya vigae, kuna ukuta wa matofali, kuna dirisha, na ukichora mistari miwili inayofuata kingo za vigae vinavyokwenda mbele, pale inapokutana ndipo upeo ulipo. Angalia umemgusa wapi, puani, kifuani, kiunoni, andika pembeni.

Kama huna kabisa, soma nguo zake. Kitu chochote cha mviringo kilichozunguka mwili, bangili, mkanda, shingo ya dera, pindo la chini, kinaonekana kama mstari ulionyooka pale tu kinapokuwa sawa na kamera. Kikiwa chini ya kamera kinapinda kama bakuli, kikiwa juu ya kamera kinapinda kama upinde wa mlango. Kwenye picha ya huyu dada pindo la dera limepinda bakuli la nguvu, mshono wa kifuani umepinda bakuli dogo, na mstari wa kilemba usawa wa paji la uso ulikuwa karibu umenyooka kabisa. Basi, kamera ilikuwa maeneo ya macho. Vilevile ukiona sehemu ya juu ya viatu vizuri kamera ilikuwa juu, ukiona matundu ya pua na chini ya kidevu ilikuwa chini.

Kama picha ya mtu imepigwa kutoka chini na bekigraundi yako imepigwa kutoka juu ya ghorofa, usihangaike, tafuta bekigraundi nyingine. Hakuna kusogeza kutakakoponya hiyo.

Saizi yake je, napima kwa macho tu?

Macho yanadanganya hasa ukiwa umekodolea skrini masaa mawili. Ukishajua upeo, saizi inajitoa yenyewe.

Kwenye posta yetu upeo uko pikseli 450 kutoka juu (nitaeleza mbele kwa nini nimeuweka hapo). Kamera zote mbili zilikuwa usawa wa macho, kwa hiyo macho ya dada yanakaa 450. Nataka miguu yake ikanyage njia pale kwenye 1200, ili chini pabaki na nafasi ya kupumua. Kutoka machoni mpaka miguuni ni 750. Mtu mzima macho yake yako karibu asilimia 93 ya urefu wake, kwa hiyo yeye mzima kutoka kilemba hadi viatu anakuwa kama pikseli 800 na kidogo. Kwenye Photoshop namvuta kwa Ctrl+T mpaka macho yaguse 450 na miguu iguse 1200, nimemaliza, sina haja ya kubahatisha.

Sasa mteja akisema "msogeze nyuma kidogo", watu wengi wanampunguza tu saizi palepale alipo, na hapo ndipo anapoanza kuelea. Ukimsogeza nyuma macho hayatoki kwenye 450, kinachopanda ni miguu. Miguu ikipanda mpaka 900, kutoka machoni hadi miguuni zinabaki 450, yaani amekuwa asilimia 60 ya alivyokuwa. Vitu viwili vinakwenda pamoja, miguu kupanda na saizi kushuka, ukifanya kimoja bila kingine umeharibu.

Niliwahi kutengeneza kadi ya harusi, bwana harusi amesimama ufukweni, suti safi, nimemkata vizuri kweli, na nikaweka upeo wa bahari ukapita usawa wa magoti yake kwa sababu nilitaka mbingu nyingi nyuma yake. Picha yake ilikuwa imepigwa usawa wa macho. Shangazi yake alipoiona akauliza "mbona huyu kijana amekuwa kama mnara?" na alikuwa sahihi, mtu ambaye bahari inamfika magotini wakati kamera inamwangalia machoni lazima awe na urefu wa mnazi. Ilibidi nirudie yote usiku uleule kadi haijaenda kuchapwa.

Haya, theluthi zenyewe sasa. Ziko wapi na naweka nini pale?

Gawa upana kwa tatu na urefu kwa tatu. Kwenye 1080 kwa 1350 mistari ya wima inaangukia 360 na 720, ya ulalo inaangukia 450 na 900. Photoshop nenda menyu ya View utafute `New Guide Layout`, weka Columns 3, Rows 3, Gutter iache tupu. Kwenye simu kama apu yako haina gridi chora mistari minne myembamba kwenye leya yake peke yake, unaizima ukimaliza, mimi nina PNG ya mistari ya kila saizi nimeihifadhi kwenye simu naiweka juu tu ya kila kazi.

Kosa ninaloliona mno ni mtu kuweka katikati ya mwili kwenye makutano ya mistari, yaani kitovu cha dada kiko kwenye nukta. Kinachotakiwa kwenye makutano ni pale msomaji anapoangalia kwanza, na kwa picha ya mtu ni macho. Kama mtu ameinamisha uso pembeni, lile jicho lililo karibu na kamera ndilo naliweka kwenye nukta. Mwili wenyewe unafuata mstari wa wima, hauna haja ya kuwa katikati yake kwa rula, dera la huyu dada lilikuwa limepeperuka kushoto kwa hiyo mwili wake unaonekana umezidi upande huo na ni sawa kabisa.

Na hapa ndipo utaona kwa nini nimeweka upeo kwenye 450. Upeo uko theluthi ya juu, macho yake lazima yawe kwenye upeo, kwa hiyo macho yanaangukia theluthi ya juu yenyewe bila kulazimishwa. Nikimsimamisha kwenye 360 nimepata makutano ya juu kushoto. Vitu viwili vimekubaliana. Mchoraji wa Kiingereza John Thomas Smith aliyeandika kuhusu kanuni hii mwaka 1797 alikuwa anaongelea mambo ya namna hii hii, mbingu ichukue theluthi moja au mbili, siyo nusu kwa nusu.

Picha yangu upeo uko katikati kabisa. Nifanyeje?

Simu inapiga hivyo karibu kila mara kwa sababu tunainyoosha mbele. Yangu ilikuwa hivyohivyo, picha ya 4000 kwa 3000 na bahari iko kwenye 1500, katikati. Usiinyooshe wala usiibane, ikate.

Hesabu yake ni hii. Kutoka kwenye upeo kwenda chini kuna 1500, na nataka hiyo iwe theluthi mbili za picha mpya. Kwa hiyo picha mpya itakuwa na urefu wa 2250, maana yake naondoa 750 za juu. Upana kwa umbo la 4 kwa 5 unakuwa 1800. Nikiishusha ile 1800 kuwa 1080 upeo unajikuta kwenye 450 kamili, na bado sijapoteza ubora kwa sababu nimepunguza, sijakuza.

Upande wa kushoto kulia je? Hapo ndipo mistari inaingia.

Mistari elekezi ni ipi hasa? Kila mstari kwenye picha unahesabika?

Hapana. Inayohesabika ni ile inayokimbia kutoka karibu na wewe kwenda mbali: kingo za njia, reli, ukingo wa daraja, safu ya minazi, nguzo za umeme, kuta za kichochoro. Jicho linapanda juu yake kama mtu anayefuata barabara, na linaishia pale mistari inapokutana. Swali lako ni moja tu: inapokutana kuna nani?

Chukua brashi nyembamba, leya mpya, fuata ukingo wa kushoto wa njia mpaka mwisho, fuata na wa kulia, iendeleze mpaka ikutane. Kwa ardhi tambarare na njia iliyonyooka inakutana kwenye mstari wenyewe wa upeo, haikutani mahali pengine, na hiyo pia ni njia ya kupata upeo pale ambapo miti au nyumba zimeuziba. Kwenye picha yangu ilikutana kwenye 2000, katikati ya ile 4000. Nataka hiyo nukta iangukie theluthi ya kushoto, na theluthi ya 1800 ni 600, kwa hiyo nikaanza kukata kutoka 1400 mpaka 3200. Hapo nukta ya makutano imekuja kwenye 360 kwa 450.

Sasa angalia kilichotokea. Macho ya dada yako 360 kwa 450. Njia nzima ya Ocean Road, ukingo wa kushoto na ukingo wa kulia, inaelekea kwenye macho yake. Sijaongeza mshale, sijaongeza mwanga, ni njia tu inafanya kazi. Hii inatokea pale kamera zote zilipokuwa usawa wa macho. Kama zilikuwa usawa wa kiuno mistari itaelekea kiunoni, ambayo kwa mtu anayeuza mikanda au mikoba ni nzuri kweli, kwa anayeuza vilemba siyo.

Kabla ya kuendelea zima kila kitu uangalie kichwa chake peke yake. Je kuna nguzo imeota utosini? Je kuna mstari unapita shingoni kama kisu? Upeo wenyewe ukipita nyuma ya macho ni sawa kwa sababu kichwa kinaufunika na unatokea pembeni, lakini ukipita shingoni unakata. Nguzo ya taa ilikuwa imetoka nyuma ya kilemba cha huyu dada, nikamsogeza pikseli 25 kulia, nguzo ikajificha nyuma yake moja kwa moja. Ukimsogeza kidogo hivyo hakuna anayeona kwamba hayuko tena kwenye 360 kamili.

Mstari unaoelekea nje ya fremu nao ni shida, kwa mfano ukingo unaoanza miguuni pake na kutokea kona ya chini kulia. Jicho linaufuata linatoka nje. Pale mimi huwa naweka kitu cha kulizuia, namba ya simu au nembo inakaa vizuri kwenye hiyo kona.

Anaangalia upande usiofaa, naweza kumgeuza kama kioo?

Unaweza, lakini angalia mambo kabla ya kubonyeza `Flip Horizontal`. La kwanza ni maandishi: kama amevaa kanga, jina la kanga litasomeka kinyumenyume, na hakuna mama atakayeacha kuligundua. Nembo kwenye fulana, saa, vifungo vya shati, mkono wenye pete, vyote vinahama. La pili ni mwanga. Kwenye bekigraundi yangu asubuhi jua liko mashariki, yaani juu ya bahari, kulia. Shavu lake la kulia kwa anayetazama ndilo lina mwanga, vizuri, vinakubaliana, kivuli chake kinalala kushoto kwenye njia. Ningemgeuza mwanga ungehamia kushoto na kivuli kingegombana na vivuli vya minazi.

Mara nyingi ni nafuu kugeuza bekigraundi kuliko mtu, ila na yenyewe isiwe na kibao cha duka, namba za gari, au magari yanayotembea, maana kwetu tunaendesha kushoto na ukigeuza yataonekana yanaendesha kulia.

Nafasi ya maandishi niiache kiasi gani?

Ipange kabla hujamweka mtu. Mimi naandika maneno kwanza, yote, hata kwa fonti ya ovyo, nayaweka pembeni ya kanvasi nione yana ukubwa gani. Templeti nyingi tunazodaunlodi zimepangwa kwa neno kama SALE, herufi nne. Sisi tunaandika PUNGUZO LA IDI, au TUNAKUKARIBISHA ambalo peke yake lina herufi 15, na halikatiki vizuri katikati. Ukilibana kwenye nafasi ya herufi nne linakuwa dogo kama maandishi ya risiti. Kwa hiyo nafasi yetu inabidi iwe pana kuliko iwe ndefu, na mbingu inatufaa sana.

Kwenye posta hii kilemba kinaishia karibu 390 kutoka juu, basi mbingu yote juu yake ni yangu. Kichwa cha habari MADERA YA IDI nimekiweka kati ya 100 na 300, kinatoka 80 mpaka 1000, kimelala juu ya mbingu tupu. Nimeacha 90 kati ya maandishi na kilemba, kwa sababu maandishi yakigusa kichwa karibu karibu inaonekana kama amebeba ubao.

Maelezo madogo, bei na siku, yako kulia juu ya bahari, kutoka 620 mpaka 1000 kwa upana, kuanzia 520 mpaka 760 kwenda chini. Kwa nini pale? Kwanza ukingo wa njia haupiti hapo, bado uko kushoto, kwa hiyo hakuna mstari unaokata maneno. Pili anaangalia kulia, msomaji anafika machoni kwake kupitia njia alafu anafuata anachoangalia, anakuta bei. Ukiweka maandishi nyuma ya kisogo chake msomaji anamwacha dada anaangalia ukuta.

Mtu akiangalia kamera moja kwa moja hilo la kutazama halina nguvu, hapo fuata upande ambao mabega yameelekea.

Bekigraundi yangu imejaa, hakuna sehemu tupu. Niweke boksi jeusi?

Boksi jeusi ni njia ya mwisho kabisa. Kwanza jiulize kama eneo limejaa kweli au lina utofauti tu mkubwa wa mwanga na giza. Maji ya bahari yana mawimbi, kila wimbi lina ncha nyeupe, herufi nyeupe zikilala pale zinapotea vipande vipande. Nilichofanya ni kuchagua eneo lile la maandishi na kingo zake laini sana, nikaweka `Gaussian Blur` ndogo na kushusha mwanga kidogo, basi. Bahari bado ni bahari ila imetulia. Usififishe kitu kilicho karibu na miguu yake, ardhi anayosimama ikiwa na ukungu wakati viatu vinaonekana wazi kabisa ataelea tena.

Kama mbingu ni fupi, na haina mawingu mengi, iongeze. Panua kanvasi juu, chagua kipande cha mbingu kilichopo, kivute kwenda juu. Mbingu tupu inavumilia kuvutwa, minazi haivumilii, kwa hiyo hakikisha hakuna tawi ndani ya ulichochagua. Kumbuka tu ukiongeza juu upeo unashuka na theluthi zinahama, rudi upange upya.

Kuna bekigraundi nyingine hazikubali maandishi na ni heri ukubali mapema. Vichochoro vya Mji Mkongwe Zanzibar kwa mfano, mistari elekezi ni ya ajabu, kuta mbili zinakusukuma mpaka ndani, lakini mbingu ni utepe mwembamba na kuta zimejaa milango, waya na madirisha. Hiyo nzuri kwa picha yenye jina moja fupi, siyo tangazo lenye bei kumi.

Kujua kama maandishi yanasomeka, punguza posta mpaka iwe na upana wa vidole viwili kwenye skrini, ndivyo watu wengi wataiona kwanza kwenye grupu. Kama bei haisomeki pale, hakuna atakayeigusa aikuze.

Nina picha ya nusu mwili tu, niiweke wapi?

Chini kabisa, imekaa juu ya ukingo wa posta. Mtu aliyekatwa kiunoni hawezi kuelea katikati ya mbingu na mstari ulionyooka tumboni, hili naliona kila siku kwenye matangazo ya semina na inauma kwa sababu ni kosa la sekunde mbili. Mshushe mpaka ule ukato utoke nje ya fremu. Hesabu ya upeo haibadiliki, unapita palepale ulipokuwa unapita, ila sasa miguu huioni kwa hiyo una uhuru zaidi wa saizi. Epuka tu ukingo wa fremu kuangukia kwenye kiungo, goti au kiwiko au kifundo, ipitishe juu kidogo au chini kidogo.

Kwa nini isiwe katikati tu? Mbona nyingine zinapendeza?

Zinapendeza kweli, pale bekigraundi yenyewe ina pande mbili zinazofanana: mlango wa kuchonga, kichochoro, daraja unaloliangalia kutoka katikati. Mistari inakutana katikati kwa hiyo na mtu awe katikati, na maandishi yanakwenda juu na chini badala ya pembeni. Kibaya ni kumweka katikati wakati mistari inakutana kwingine, hapo mtu na njia wanavutana.

Na wakiwa watu watano kwenye posta moja?

Macho yote kwenye mstari mmoja, au yapishane kwa makusudi, wa katikati mbele na mkubwa, wa pembeni nyuma na wadogo. Wote wakatwe usawa mmoja wa mwili. Chukulia kundi zima kama kitu kimoja, lichukue theluthi mbili za chini, mbingu ibaki ya jina la tukio.

Mteja anataka na ya stetasi, naipanua tu?

Usiipanue, ipange upya, hata dakika kumi haifiki. Stetasi ni 1080 kwa 1920, theluthi za ulalo ni 640 na 1280. Rudi kwenye picha ya awali ya bekigraundi, ikate upya mpaka upeo uangukie 640, macho ya dada yanashuka nao. Karibu 250 za juu na 250 za chini zinaweza kufunikwa na jina la akaunti na sehemu ya kujibu, kwa hiyo kichwa cha habari kinakaa kati ya 270 na 500, siyo juu kabisa kama kwenye posta. Miguu nimeiweka 1600, kutoka machoni mpaka hapo ni 960, amekuwa mkubwa kuliko kwenye posta ya kwanza na ni sahihi kwa sababu miguu nayo imeshuka. Namba ya simu ambayo ilikuwa kona ya chini nikaipandisha mpaka pembeni ya pindo la dera, kwenye 1500, kulia. Upana haujabadilika, kwa hiyo 360 ni ileile na njia bado inaishia machoni kwake.